Wimbo wa watoto wa skuli, kodi tatu tu (C, F, G), nashindwa kujua ipi ikae wapi

Mwl_Wete

Asalaam aleikum. Mie nasomesha maandalizi huku Wete, mwaka huu skuli yetu imepata kibodi na mie ndo nilojitia najua kupiga, kumbe najua mkono wa kulia tu Mungu anisamehe. Sasa nimetunga kiwimbo cha karafuu kwa siku ya wazazi, vipimo vinane, kila kipimo mapigo manne na kila silabi pigo moja. Maneno yake haya:

Karafuu zimewiva
twendeni sote shambani
pakacha langu begani
magharibi turejee

Na sauti ni hizi:

```
1-4: | so mi so mi | la so la fa | mi do mi so | re mi re re |
5-8: | Do ti Do Do | so fa so so | fa mi re ti | do re do do |
```

Do ya herufi kubwa ni ile ya juu, na ile ti ya kipimo cha 7 ni ya chini, iko chini ya do ya mwanzo.

Kodi nazijua tatu, C ni do mi so, F ni fa la do, G ni so ti re. Nilivofanya ni hivi, nikikuta do naweka C, nikikuta fa naweka F, nikikuta so naweka G, zilobaki nikawa naotea tu. Basi wimbo unaanza na so nikaanza na G, watoto wakaimba kitu chengine kabisa, kila mmoja na kwao. Halafu kubadilisha kodi kila pigo mkono haufiki, wao washafika shambani mie niko kwenye karafuu. Nisaidieni, nataka hizohizo tatu msinambie za ziada.

Shoga_wa_Ngambo

Nimefungua mbio nikajua kodi ya nyumba 😂 nna chumba kimoja Kikwajuni. Haya endeleeni, mie nasikiliza, naimba imba kidogo lakini kibodi sijui.

KibodiMoto

Mwalimu usijisumbue, tazama noti ya kwanza ya kila kipimo basi. Noti moja kodi moja kipimo kimoja. La weka F, mi weka C, re weka G, fa weka F, umemaliza. Ile so ya mwanzo weka C kwa sababu nyimbo zinaanza na C. Kwa hivo itakuwa C F C G, C C F C. Mambo kwisha.

Mzee_Akodiani

Waalaikum salaam maalim. KibodiMoto kakusaidia nusu ya njia, nusu ya pili ina shimo na utaliona kwenye kipimo cha 7. Lakini tuanze pale ulipokosea wewe.

Wewe unaiuliza noti "jina lako nani" ndo unampa kodi ya jina lake. Muulize "unakaa nyumba gani". Nyumba zako ni tatu, na kila nyumba ina watu watatu, umewataja mwenyewe. Sasa wapitie mmoja mmoja. Mi anakaa C tu, hana kwengine. La anakaa F tu. Fa ni wa F. Re na ti wote wa G. Wenye nyumba mbili ni wawili tu, do ana C na F, so ana C na G. Kwa hivo katika noti saba, tano zinakuchagulia zenyewe na wewe akili yako unaiweka akiba kwa do na so. (Fa nitamrudia, huyo naye ana hadithi yake.)

Ndo maana mwanzo wako umeharibika. So ya pigo la kwanza ingeweza kukaa na G, si uongo, lakini mwenzake wa pili ni mi na mi hayumo G. Kipimo chote ni so mi so mi, nyumba yenye watu wote wawili ni moja tu, C. Na watoto wanahitaji kusikia C mwanzo ili wajue do iko wapi, wewe umewapa G wakadhani so ndo do, wakatoka na kii nyengine.

Jambo la pili, usibadilishe kodi kila noti. Wimbo kama huu kodi moja inabeba kipimo kizima. Mapigo manne hayalingani uzito, la kwanza ndo zito kuliko yote, la tatu linamfuata, la pili na la nne mepesi. Noti zilizo kwenye mapigo mazito ndo zenye kura. Ile ya pigo jepesi ikiwa imepita tu njiani kwenda kwa jirani yake na kurudi, iache ipite, haina haja ya kupewa kodi yake. Tazama kipimo cha 4, re mi re re. Mi hayumo G lakini ametoka re karudi re, nani atamsikia? G kipimo kizima.

Mwl_Wete

Ahsante sana mzee wangu. Kumbe mie nilikuwa nampa kodi kila mpita njia 😅 Kwa hivo kipimo cha 2 la so la fa, la iko pigo la kwanza na la tatu, F, so anapita. Cha 3 mi do mi so, wote wa C. Mstari wa kwanza na wa pili umekaa: C F C G. Nimeupiga mchana huu na watoto wanne walobaki kusubiri wazee wao, wameimba vizuri mashaallah.

Sasa nikaendelea na ile ya KibodiMoto nusu ya pili, C C F C. Kipimo cha 7 kimeharibika, "magharibi" inakwenda vizuri mpaka "ri" halafu pale "bi" kama mtu kakanyaga paka.

KibodiMoto

Labda kibodi ina tatizo

Mzee_Akodiani

Kibodi haina tatizo yakhe. Hilo ndo shimo nilolisema.

Kipimo cha 7 ni fa mi re ti. Pigo la kwanza ni fa na ukitazama hilo peke yake utasema F, haki yako. Lakini pigo la tatu ni re na la nne ni ti, wote wawili wa G. Re juu ya F haiumi sana, inakuwa kama ukungu tu, ndo maana mwalimu kasema mpaka "ri" ilikwenda. Ti ndo imekanyaga paka. Ti na fa zikilia pamoja zina ugomvi wa asili, na ugomvi huo ukiuweka juu ya besi ya F hauna pa kwenda. Ukiuweka juu ya besi ya G una pa kwenda, ti inapanda do, fa inashuka mi, na hiyo ndo C.

Kwa hivo ile hadithi ya fa ni hii. G ukiiongezea fa juu inakuwa G7, so ti re fa. Ni G ileile ila imezidi hamu ya kurudi nyumbani. Basi fa naye ana nyumba mbili, F ni kwao, na G7 amekaribishwa. Ukikuta fa katika kipimo kilichojaa re na ti, jua yuko ugenini kwa G. Kipimo chako cha 7 kina fa, re na ti, watatu kati ya wanne wa G7, na mi anapita baina ya fa na re. Weka G7 kipimo kizima halafu C kipimo cha 8. Utasikia kama mlango umefungwa sawasawa.

Na ndo maana mie wimbo nauanza kutoka mwisho. Kabla sijagusa kitu naandika C kipimo cha mwisho, halafu natazama kipimo kabla yake kama kinakubali G. Mara nyingi kinakubali, maana wimbo wa kuishia do kwa kawaida unaifikia do kwa kupitia re au ti na wote wawili ni wa G. Nikishaweka hizo mbili natazama katikati, pale watoto wanapovuta pumzi mwisho wa mstari wa pili. Wako unaishia re, yaani G, kama mtu kauliza suala na jibu liko nusu ya pili. Hapo katikati weka G kavu, hiyo fa usiiongeze, G7 inasukuma sana na hapo hutaki kusukuma unataka kusimama. Yalobaki baina yake ndo nayajaza.

Gitaa_Jambiani

Naomba kuuliza, mie napiga gitaa, hii F inanitesa vidole, kidole kimoja kubana nyuzi zote sita mpaka mkono unakufa. Naweza kutumia kodi nyengine badala ya F?

KibodiMoto

Weka Am au Dm, nyimbo zote siku hizi ni C G Am F zungusha tu

Mzee_Akodiani

Gitaa, usibadilishe kodi, badilisha kii. Hamishia G, na tatu zako zinakuwa G, C na D, zote nyepesi kwa vidole. Hesabu ileile, kutoka do kuhesabu nne na tano. Lakini kama unaimba na watoto wa mwalimu, G itawaua, kwa chini hawasikiki na kwa juu wanapiga kelele. Basi bana kepo kwenye kibao cha tano halafu piga maumbo ya G C D, itatoka C F G. Hapo sote tuko pamoja.

KibodiMoto, mwalimu kasema tatu. Kila noti ya sikeli imo ndani ya hizo tatu, hakuna itakayobaki nje, kwa hivo Am siyo lazima, ni nakshi.

Mwl_Wete

G7 imekubali!! Kipimo cha 7 na 8 sasa vinafunga mpaka mwalimu mwenzangu dirishani kauliza wimbo gani huo.

Sasa zimebaki mbili zinanchanganya, cha 5 na cha 6. Cha 5 Do ti Do Do. Do ina nyumba mbili kama mzee alivosema, C au F. Na ile ti je? Nilijaribu C halafu G halafu C ndani ya kipimo kimoja nikachanganyikiwa. Cha 6 so fa so so, so nayo mbili, C au G. Kwa hivo kuna njia nne. Nimezipiga zote nne kila moja inasikika sawa na hakuna inayonambia ndo mimi. Mnachaguaje?

Mtu_wa_Kwaya

Habari zenu, mimi naimba kwaya hapa mjini, nimetokea Tanga. Mwalimu kwanza ile ti usiihangaikie, ipo pigo la pili, imetoka Do imerudi Do, mpita njia. Ukiweka G kipimo kizima Do tatu zitagongana na ti iliyomo ndani ya G, nusu toni, kelele.

Sasa kuchagua. Sisi kwaya tumefundishwa kutoka tano usiende nne, na hapa ukihesabu kutoka do tano ni G, nne ni F. Kipimo cha 4 ni G, kwa hivyo cha 5 huwezi kuweka F, lazima C. Sheria. Basi cha 5 C. Cha 6 ukiweka C tena utakuwa na C vipimo viwili, inachosha, weka G. Halafu cha 7 G7, cha 8 C. Jumla: C F C G, C G G7 C. Imekwisha kisheria.

Mzee_Akodiani

Ndugu wa kwaya, karibu. Kuhusu ti na kuhusu G kugonga Do uko sawa kabisa. Kwenye mengine tutabishana kidogo.

Kwanza cha 6. Ukiweka G hapo halafu cha 7 G tena, ile G7 ya mwisho inakuja na hakuna aliyemsikia akiingia, kwa sababu keshakaa muda. G ni mgeni anayetakiwa abishe hodi karibu na mwisho. Mie cha 6 naweka C, ili cha 7 kikija sikio lisikie besi imesogea. Hii ndo kanuni yangu kwa noti yenye nyumba mbili, natazama jirani zake wa kushoto na kulia, halafu nachagua ile inayofanya kodi isogee nnapovuka mstari wa kipimo, na hasa isogee kuingia pale penye uzito. Ukiwa na kodi ile ile pande zote mbili za mstari, pigo la kwanza linakosa nguvu na watoto wanaanza kukokota.

Sasa cha 5. Kama cha 6 ni C, cha 5 nikiweka C vilevile nimelala vipimo viwili. F inanipa mwendo: F, C, G7, C. Na kuna sababu nyengine. Mwisho wa mstari wa pili G imeuliza suala. Ukijibu palepale na C na Do ya juu, wimbo umekwisha nusu, pakacha halijafika begani. Ukiweka F chini ya Do ile, sauti imerudi nyumbani lakini besi bado, ni kama mtu kafika kwake kakaa barazani hajaingia ndani. Watoto wanajua safari ingalipo.

Mtu_wa_Kwaya

Mzee kwa heshima zote, hiyo ni tano kwenda nne, mwalimu wetu angekuchana karatasi.

KibodiMoto

Blues wanafanya kila siku. Vipimo 12, cha 9 ni tano na cha 10 ni nne. Hakuna anayechanwa.

Mzee_Akodiani

KibodiMoto leo umenena. Lakini nisimvunjie heshima ndugu yetu, sheria yao ina maana yake. Kwaya ina sauti nne, na F na G ni majirani, ukitoka moja kwenda nyengine sauti zote zikisogea upande mmoja kwa hatua moja, besi na aliye juu yake wanatembea kama wamefungwa kamba, zinasikika tupu. Na G masikio yanaingoja iende C, ukiipeleka F unaivunja ahadi. Katikati ya mstari hata mie siipendi. Ila hapa kuna pumzi baina ya cha 4 na cha 5, watoto wananyamaza wanavuta hewa, mstari mpya unaanza. Baada ya pumzi ahadi imelegea.

Mtu_wa_Kwaya

Pumzi ipo, sawa. Bado mimi ningeweka C. Kama mnaogopa kulala vipimo viwili, badilisha besi tu, cha 5 besi ipige do, cha 6 besi ipige mi, kodi ileile C lakini chini imetembea. Halafu fa... subiri, mi kwenda so ya G7, nzuri tu.

Mzee_Akodiani

Hiyo nayo nzuri, nakiri. Sikuifikiria.

Udi_na_Marashi

Samahanini naingilia. Mie nasoma udi, na nnachojiuliza kwa nini tunaziweka hizi kodi kwenye kila kitu. Taarab yetu ya zamani fidla, kanuni, nai, akodiani wote wanakwenda na sauti moja, kila mtu anaipamba kivyake, na inajaa ukumbi. Nilijaribu kumwekea rafiki yangu C F G kwenye kipande cha hijaz ikawa vituko.

Mzee_Akodiani

Umeniponza mwanangu, maana mie kwenye taarab mkono wa shoto wa akodiani karibu naulaza. Vile vidude vya shoto vimepangwa kwa hatua ya tano tano, C yangu ina kishimo kidogo nnaisikia kwa kidole bila kutazama, G iko juu yake upande wa kidevu na F chini yake. Yaani hizi tatu ni majirani wamekaa mlango kwa mlango, akodiani imetengenezwa kwa nyimbo kama za mwalimu. Lakini hijaz ni nyumba nyengine. Tuseme hijaz ya re, noti zake ni re, mi iliyoshuka, fa iliyopanda, so, la, ti iliyoshuka, do. Hesabu tano kutoka re unapata la, do, na mi iliyoshuka, kodi iliyovunjika mgongo, haina ile nguvu ya kumrudisha mtu nyumbani. Ukilazimisha A ya kawaida ile mi yake ya ndani inagombana na mi iliyoshuka ya sauti, na hiyo mi iliyoshuka ndo roho ya hijaz. Na rasti, ya tatu na ya saba zimekaa baina ya vibonye viwili, kibodi ya skuli haizifikii. Huko acha sauti moja na mlio wa chini unaoshikilia. Wimbo wa mwalimu una noti saba za kawaida, ndo maana kodi zimekubali.

Shoga_wa_Ngambo

Nimeimba zote mbili na mume wangu anapiga meza. Ya mzee (F) nnahisi nataka kuendelea. Ya kwaya (C) nnahisi nimefika nataka kukaa. Sijui sheria lakini pakacha liko begani bado sijalitua.

Mtu_wa_Kwaya

Shoga hiyo ni kura ya maneno siyo ya muziki 😄

Mzee_Akodiani

Maalim, la vidole sasa, maana nnahisi unarukaruka. Mkono wa shoto, C ni kidole kidogo do, cha kati mi, gumba so. Kwenda F usiuhamishe mkono. Kidole kidogo kibaki palepale do, shahada ibonyeze fa, gumba isogee la. Do ni ya nyumba zote mbili, kwa nini uiwache? Kwenda G7, kidole kidogo kishuke ti, shahada ibaki fa, gumba irudi so. Re umeiwacha nje, isikutishe, watoto wenyewe wanaiimba. Ile G kavu ya kipimo cha 4, kidogo ti, cha kati re, gumba so. Mkono mzima unatembea upana wa vidole viwili basi.

Na ukishaizoea, jaribu kugawa kipimo cha 7 katikati, mapigo mawili F kwa ajili ya fa mi, na mawili G kwa ajili ya re ti. Nne, tano, moja. Hapo unatoka nne kwenda tano na kila mtu anaridhia hata mwalimu wa kwaya. Lakini kwa siku ya wazazi usijaribu kama mkono haujakaa, G7 nzima inatosha.

Mwl_Wete

Nimerudi. Jana nimekaa na watoto ishirini na tatu. Nimepiga C F C G, F C G7 C. Vile vidole vimeniokoa, sikuangalia mkono hata mara moja. Pale mwanzo wa pakacha, F ilipoingia, wawili watatu walinitazama kama nimekosea halafu wakaendelea. Mara ya tatu hawakunitazama tena. Halafu nikajaribu na ya ndugu wa kwaya, C na besi ya mi, hakuna aliyeshituka lakini walikuwa wanakokota pale "begani", sijui ni kodi au walikuwa wamechoka, maana ilikuwa saa ya uji.

Kugawa kipimo cha 7 nimeshindwa, mkono umefika G watoto washamaliza.

Mtu_wa_Kwaya

Ilikuwa uji. Wape tena asubuhi.

KibodiMoto

Mie nakubali noti ya kwanza haitoshi. Naongeza: noti ya kwanza na ya tatu, halafu tazama kipimo kinachofuata.

Gitaa_Jambiani

Na mie nna suala la mwisho kama mzee yupo. Nina wimbo wa bibi yangu wa kubembelezea, nimeutafuta kwenye gitaa, noti zote zimo kwenye C isipokuwa moja, fa imepanda nusu, kila mara. C, F, G hazina hiyo noti. Je huu ndo ule usiokubali kodi tatu kama hijaz?

Mzee_Akodiani

Uimbe mpaka mwisho kabisa. Unaishia noti gani?

Gitaa_Jambiani

So. Na kila mstari karibu wote unaishia so.

Mzee_Akodiani

Basi hiyo so ndo do yako, wimbo uko kii ya G, wewe umeuita kwa jina la mtaa mwengine. Ile fa iliyopanda ni ti yake. Nyumba zako ni G, C na D, anza na G kipimo cha mwisho urudi nyuma.

Gitaa_Jambiani

Na F sihitaji?

Mzee_Akodiani

Huihitaji.